Shimo lililo mita 700 chini ya daraja

Simu ilikuja Jumapili jioni. Aliyepiga alikuwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji kile, na alisema kwa kifupi: "Fundi, nguzo ya katikati imevaa viatu." Sikumwelewa. Akacheka, kisha akaeleza kwamba maji yalipopungua watu wameona zege pana chini ya nguzo, zege ambalo hakuna aliyewahi kuliona tangu daraja lijengwe. Nikamwomba awazuie madereva wa malori mpaka nifike. Akanijibu kwamba wa bodaboda angeweza kuwazuia, lakini wa mchanga hawamsikii.

Mto wenyewe ni mdogo. Unashuka kutoka milima ya Ruwenzori, magharibi mwa Uganda, kwenda tambarare, na jina lake nitaliacha kwa kuwa mambo yake hayajaisha. Wenyeji wengi pale ni Wakonzo, ila ukisimama mtoni utasikia Kiswahili kuliko lugha nyingine. Madereva wanatoka Kasese na Bwera, wapakiaji kadhaa wamevuka kutoka Kongo, na wazee wa rika la baba yangu walikipata Kiswahili chao kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe kabla haujafungwa mwaka 1982. Kwa hiyo yote tuliyosemezana katika kisa hiki yalisemwa kwa Kiswahili, hicho chetu cha mgodini.

Daraja lina mapengo mawili ya mita 12 kila moja, na nguzo moja katikati yenye unene wa sentimita 90. Halikujengwa juu ya nguzo za msingi zilizopigwa chini sana ardhini. Nguzo imekaa juu ya kitako cha zege, na kwa mujibu wa mchoro wa ujenzi uso wa juu wa kitako ulifukiwa mita 1.5 chini ya sakafu ya mto. Kitako kina kimo cha sentimita 80, yaani tumbo lake liko mita 2.3 chini ya sakafu. Namba hizo mbili, 1.5 na 2.3, zishike, maana kisa chote kimejengwa juu yake.

Maelezo ya kwanza niliyopewa yalikuwa mafuriko. Huku kwetu huwezi kumlaumu mtu kwa kuwaza hivyo. Mto Nyamwamba ulivunja kingo zake Mei 2013, ukarudia Mei 2014, na Mei 2020 ukaivamia hospitali ya Kilembe hadi wagonjwa wakahamishwa. Kila mtu hapa ana kumbukumbu ya jiwe kubwa kama gari lililolala mahali palipokuwa na nyumba. Ila mvua ya wiki ile ilikuwa ya kawaida tu. Takataka zilizonaswa vichakani zilionyesha kimo cha juu cha maji, na kimo hicho kilikuwa zaidi ya mita moja chini ya mihimili. Daraja hilo hilo lilishapitiwa na maji makubwa kuliko hayo na halikuonyesha hata ncha ya kitako.

Nilianza na kipimo ambacho hakihitaji mashine. Nilifunga kipande cha nondo mwishoni mwa futi kamba, nikaishusha kutoka kwenye reli ya daraja kila baada ya mita mbili, upande wa juu na upande wa chini, vipimo 13 kila upande, huku kijana wa mwenyekiti akiniandikia kwenye daftari la shule. Halafu nikalinganisha na mchoro. Kama tatizo lingekuwa la nguzo peke yake, vipimo vya pembeni vingelingana na mchoro, na vile vya karibu na nguzo tu ndivyo vingezama. Maji yanayogonga nguzo huzunguka kwenda chini na kuchimba shimo miguuni pake, na hilo ni jambo la kawaida ambalo kila daraja linatakiwa liwe limelitarajia. Nilichokipata hakikuwa hicho. Sakafu yote ilikuwa imeshuka, ukingo hadi ukingo, kati ya mita 1.0 na 1.2. Tuseme mita 1.1. Pale kwenye nguzo kulikuwa na shimo la ziada la kama nusu mita.

Nguzo yenyewe ilikuwa na ushahidi wake. Juu zege lilikuwa jeusi lenye kijani cha ukungu wa miaka mingi. Chini lilikuwa jeupe, safi, na bado linaonyesha mistari ya mbao za fomu zilizolishika lilipomwagwa. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulinyooka kama umepigwa na uzi, ukaizunguka nguzo yote. Mpaka huo ndio sakafu ya zamani. Shimo la mafuriko huacha mpaka uliopinda, wenye kina mbele na kupanda nyuma. Huu ulikuwa sawa pande zote.

Sasa rudi kwenye zile namba mbili. Kwa nguzo nene ya sentimita 90, fundi wa madaraja hutarajia mafuriko makubwa yachimbe shimo la kama mara moja na nusu ya unene huo, karibu mita 1.4. Mto ukiwa kwenye sakafu yake ya zamani, shimo la mita 1.4 halifiki hata kwenye uso wa kitako, ulioko mita 1.5. Aliyelichora alifanya kazi yake. Lakini sakafu ikishashuka mita 1.1, shimo lile lile linafika mita 2.5, na tumbo la kitako liko mita 2.3. Maji yanaingia chini ya kitako kwa sentimita 20. Mafuriko hayakuhitaji kuwa makubwa kuliko zamani. Akiba iliyowekwa kwa ajili yake ilikuwa imeliwa kabla hayajafika.

Kuna jambo moja ambalo huwadanganya wakaguzi wengi, hata mimi liliwahi kunidanganya. Shimo la nguzo huwa refu zaidi wakati maji yako juu, na maji yakianza kupungua mto hulijaza tena kwa changarawe laini. Ukifika siku tatu baadaye unaona nusu mita, unapumua. Nondo yangu niliisukuma kwa mkono pale chini, ikazama bila kugonga jiwe mpaka ikapita usawa wa tumbo la kitako. Changarawe ile ilikuwa imejaa juzi tu.

Basi nani alikula mita 1.1? Nilishuka na mto kwa miguu, pamoja na mwenyekiti. Mita 200 hivi chini ya daraja tulikuta mizizi ya miti inaning'inia hewani kingo zote mbili. Hilo la kingo zote mbili lina uzito wake. Mto unaojipinda hula ukingo mmoja na kujenga mwingine, lakini mto unaozama huacha mizizi wazi kushoto na kulia. Mbele kidogo, kijito kinachoingia kutoka mashambani kilikuwa kinaanguka kwenye mto kwa maporomoko ya kimo cha kiuno. Mwenyekiti alisema alipokuwa mtoto walikuwa wanakivuka pale kwa kuruka tu, maji yakiwa usawa mmoja. Kijito hakikuwa kimefanya lolote. Mto mkubwa ndio ulioshuka na kukiacha juu.

Mita 700 kutoka darajani tukafika kwenye mashimo. Yalikuwa matatu, kubwa lina urefu wa mita 30, upana wa 12 na kina cha mita mbili na nusu. Vijana walikuwa ndani ya maji mpaka mapajani wakirusha mchanga kwa makoleo, na Fuso mbili zilikuwa zimerudi nyuma hadi ukingoni zikisubiri.

Watu wengi, wakiwemo wasomi, hudhani shimo la mchanga huharibu pale lilipo, au chini yake. Linaharibu na kwenda juu pia, na hilo ndilo lililoliua daraja letu. Angalia mdomo wa shimo upande yanakotoka maji. Mto ulikuwa unashuka taratibu, mita moja katika kila mita mia, ghafla unakuta ngazi ya mita mbili na nusu. Pale kwenye ngazi maji yanakimbia na kupata nguvu ya kung'oa. Yanakula mdomo, ngazi inasogea juu. Kesho yanakula tena. Ngazi inapanda mto ikielekea chanzo, ikipungua kimo kadiri inavyokwenda, na kila inapopita sakafu inabaki chini. Wachimbaji wenyewe wanaijua. "Mto unarudi nyuma," mmoja aliniambia, na alikuwa anausifu, kwa sababu asubuhi wanakuta mchanga mpya umeanguka shimoni bila mtu kuuchimba. Sehemu ya mchanga huo ilikuwa sakafu ya daraja.

Nilitaka kujua kama hesabu inakubali, nikamwomba karani wa pale anionyeshe daftari lake. Alikuwa na nidhamu kuliko maofisi mengi. Siku za kiangazi zilikuwa zinatoka tipa 12 kwa siku, kila moja kama mita za ujazo tano, siku 24 kwa mwezi. Hiyo ni mita za ujazo 1,440. Chukua kipande cha mto kutoka darajani hadi chini kidogo ya mashimo, mita 800, chenye sakafu ya upana wa mita 18. Ukiugawanya mzigo ule juu ya eneo hilo lote unapata sentimita 10 kwa mwezi. Kiangazi chetu cha mara mbili kwa mwaka kinafika kama miezi mitano, na mashimo yalikuwa na miaka mitatu. Mita moja na nusu, kabla hujahesabu kile ambacho mto unarudisha wakati wa masika. Kushuka kwa mita 1.1 hakukuwa na fumbo tena.

Hoja ya wachimbaji ni kwamba mto hujaza. Ni kweli, na nisingependa kuipuuza, maana ndiyo inayowafanya watu waadilifu kabisa waendelee kuchimba. Shimo kubwa lile lilijaa kwa mafuriko mawili tu. Ila mita za ujazo 900 zilizolijaza zilikuwa safarini kwenda chini, na chini hazikufika. Tena kilichorudi si kile kilichotolewa.

Hapa lazima niwazungumzie akina mama wa kokoto. Walikuwa kama 15, kila mmoja chini ya mwavuli wake, amekaa juu ya gunia, mbele yake jiwe kubwa bapa la kugongea. Mkono wa kushoto unashika kitanzi cha mpira uliokatwa kwenye tairi, jiwe linawekwa ndani ya kitanzi lisiruke, nyundo inashuka. Wanauza kwa kupima na jerikeni iliyokatwa mdomo. Mawe hayo, ya ukubwa wa kichwa hadi wa mtungi, watoto wao wanayaokota juu ya sakafu ya mto. Ukiutazama mto wa milimani wakati wa kiangazi utaona umetandikwa mawe kama hayo, yamebanana, yanalaza migongo kufuata maji. Chini ya tandiko hilo kuna mchanga na changarawe laini ambayo isingestahimili hata mvua ya jioni moja. Tandiko ndilo linaloizuia. Mafuriko ya kawaida hupita juu yake bila kuling'oa. Likishaokotwa likawa kokoto, mto unaanza kuchimbika kwa maji madogo. Kwa hiyo tipa zilitoa ujazo, lakini kuokota mawe kuliondoa kufuli. Katika ukaguzi wote niliowahi kuusoma, tipa zinatajwa, mawe ya akina mama hayatajwi, labda kwa sababu hayapigi kelele. Ni kipato chao na sikuwa na la kuwapa badala yake. Nilichoweza ni kulitaja kwenye ripoti.

Upande wa chini wa mashimo kisa kinabadilika sura. Maji yakiingia shimoni yanatulia na kutua mzigo wao wote wa mchanga, kisha yanatoka upande wa pili mikono mitupu huku mteremko ukiwa ule ule. Mchukuzi aliyetua mzigo hutembea haraka. Maji hayo yanatafuta mzigo mwingine, na yanauchukua sakafuni na kwenye kingo. Mita 400 chini ya mashimo kuna shamba la bibi mmoja, mahindi na migomba. Ukingo wake ulikuwa wa kimo cha kifua. Sasa ni mita tatu, wima kama ukuta. Matete aliyopanda yanashika udongo wa mita moja ya juu, na chini ya hapo hakuna kinachoshika.

Kinachomshangaza bibi ni kwamba shamba halianguki wakati maji yamejaa. Linaanguka kesho yake, jua likiwaka. Nilimweleza hivi: "Mama, maji yakiwa juu yanauegemeza ukingo kama mtu anayeshikilia mlango. Udongo nao unalowa ukawa mzito. Usiku maji yanashuka haraka, yule aliyeshikilia ameondoka, na udongo bado umelowa." Akanikatisha: "Na mimi ndiye niliyeko nyuma ya mlango." Nikanyamaza. Ufa wa kwanza ulikuwa tayari mita moja na nusu kutoka ukingoni, sambamba na mto, mkono unaingia.

Turudi darajani. Ofisi iliyohusika ilifika kabla ya ripoti yangu na kufanya kile kinachofanyika kila mahali: ilizungushia nguzo vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, ikaweka bango la kukataza magari ya zaidi ya tani 10. Fuso yenye mita tano za mchanga mbichi inafika tani 14 hivi, na hiyo ndiyo iliyokuwa inapita pale mara 12 kwa siku, kwa kuwa njia ya kutoka mashimoni kwenda barabara kuu inavuka daraja hilo hilo. Vikapu vilidumu msimu mmoja. Vilikalishwa juu ya changarawe ambayo ilikuwa bado inashuka, vikabaki vinaning'inia, na mawe yanayobingirika yakasaga waya mpaka ukakatika. Kosa halikuwa la vikapu. Shimo la nguzo lilitibiwa, na ugonjwa ulikuwa wa sakafu nzima.

Kilichofanyika kiangazi kilichofuata kilikuwa na sehemu mbili. Kwanza mto ulisukumwa upande mmoja kwa mifuko ya mchanga, uwazi chini ya kitako ukajazwa zege. Pili, mita 25 chini ya daraja kikajengwa kizingiti cha mawe na zege kuvuka mto mzima. Msingi wake ulishushwa mita mbili chini ya sakafu mpya, ncha zake zikaingizwa mita tatu ndani ya kila ukingo ili maji yasizunguke pembeni, na uso wake ukaachwa sentimita 60 juu ya sakafu. Mto ulipokuja ulijaza nyuma ya kizingiti wenyewe. Upande wa kuangukia maji tulitandika mawe makubwa kwa urefu wa mita sita, kwa sababu kizingiti kisicho na tandiko hujichimbia kaburi. Ngazi inayopanda kutoka mashimoni sasa ikifika hapo inagota. Na mchanga wa zege hilo, kwa kuwa mkataba ulitaka wa bei nafuu, mkandarasi aliununua kwenye mashimo yale yale. Nililiona kwenye stakabadhi.

Sheria ipo, na si mbaya. Kanuni za mwaka 2000 za ardhi oevu, kingo za mito na mwambao wa maziwa zinalinda mita 100 kila upande kwa mito iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Tatizo la zamani lilikuwa kwamba Katiba, ibara ya 244, haihesabu mchanga wala mawe ya kujengea kuwa madini, kwa hiyo mchanga ulibaki bila mwenyewe mpaka sheria ya madini ya mwaka 2022 ilipouingiza uchimbaji wa kibiashara. Lakini kijijini hakuna anayepima mita 30. Tulichokubaliana na mwenyekiti na wachimbaji ni kitu cha kuonekana kwa macho: mashimo yahamie chini zaidi, mahali mto unapofika tambarare na kumwaga mzigo wake wenyewe, na pale wakwangue tu fungu lililo juu ya maji ya kiangazi, waache theluthi ya juu ya fungu ikiwa haijaguswa, wasishuke chini ya usawa wa maji. Nilipiga rangi nyekundu kwenye jiwe kubwa kuwa alama. Theluthi ile ya juu ndiyo inayoelekeza maji. Ukiiondoa mto unakata katikati ya fungu na kuhamia kwa jirani.

Watu wameniuliza kama ndivyo ilivyokuwa kwenye daraja la Katonga, barabara ya Kampala kwenda Masaka ilipokatika Mei 2023 na magari kuzungushwa kwa njia ya Sembabule. Mimi huwajibu kwamba wasikibebe kisa hiki kukipeleka kule. Mto Katonga unapita kwenye kinamasi kisicho na mteremko, na mchanga wa Lwera, kinamasi cha barabara hiyo hiyo, unavutwa kwa mashine zinazoelea. Ngazi inayopanda mto kama yetu inahitaji mteremko na changarawe.

Vipimo vya daraja baada ya masika mawili viko vizuri. Sakafu imepanda sentimita 50 na kitako hakionekani. Lakini changarawe iliyojaa nyuma ya kizingiti haikufika chini, na kwa masika hayo mawili maji yaliyofika kwa bibi yalikuwa matupu kuliko hata wakati wa mashimo. Nililijua hilo tulipokichora, nikaliandika, na hapakuwa na fedha ya kutandika mawe kwenye ukingo wake. Nilimpigia vigingi sita kutoka ukingoni kwenda ndani, mita moja moja, ili tujue unakula kwa kasi gani. Mwezi wa Novemba nilipopita vilikuwa vimesimama viwili. Cha tatu alikifunga kwa kamba ya katani kwenye mgomba, na kilikuwa kinaning'inia juu ya maji.